Murabaha, Mudharaba na Musharaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya kuhusu mikataba ya benki zinazofuata sharia ya Kiislamu ni yale yanayorudi kila wiki, mengine kutoka kwa wateja wanaokaa kwenye kiti mbele ya meza yangu, mengine kutoka kwa watu waliokwisha kusaini na sasa wanajiuliza walichosaini. Murabaha imepewa nafasi kubwa kuliko mikataba mingine kwa sababu ndiyo watu wengi wanayokutana nayo kwanza, na ndiyo inayotiliwa shaka zaidi.

## Kuanzia mwanzo

1. Kama hamtozi riba, benki inakula nini?

Inakula faida ya biashara. Benki ya namna hii hununua kitu ikakuuzia kwa bei ya juu, au hukukodishia kitu chake, au huweka mtaji kwenye shughuli yako mkagawana kinachopatikana. Kisichofaa ni kukupa shilingi milioni moja taslimu na kudai milioni moja na laki moja baadaye. Hapo hakuna kilichouzwa wala kilichokodishwa. Pesa imezaa pesa kwa kupita kwa siku tu.

Mkopo wa pesa tupu upo katika sheria ya Kiislamu, na unaitwa karadha njema: unarudisha ulichochukua, basi. Benki huutoa kwa nadra, na si kwa mtu anayetaka kupanua duka.

2. Murabaha ni nini hasa?

Ni uuzaji ambao muuzaji anamwambia mnunuzi ukweli wa gharama yake: nimenunua kwa kiasi hiki, naongeza faida hii, jumla ni hii. Sokoni kwa kawaida muuzaji hana haja ya kukwambia alinunua kwa bei gani. Katika murabaha analazimika, na akidanganya gharama amevunja msingi wa mkataba.

Zamani ilikuwa biashara ya mtu asiyejua bei za soko, anayemwamini muuzaji amwonyeshe gharama yake. Benki zimeichukua zikaongeza vitu viwili: mteja anaagiza kwanza, na analipa kwa awamu. Kwa hiyo mkataba wa leo kwa jina kamili ni murabaha kwa mwenye kuagiza.

3. Nionyeshe kwa hesabu.

Tuchukue mtu wa Tanga anayetaka mashine ya kusaga nafaka. Bei dukani, pamoja na kuisafirisha hadi kwake, ni shilingi 6,000,000. Anakuja benki na ankara ya makadirio kutoka dukani, ile inayosema bei tu, siyo risiti. Tunaangalia uwezo wake wa kulipa kama benki yoyote ingeangalia. Akikubaliwa, anasaini ahadi: mkiinunua mashine hii, nitainunua kwenu.

Benki inalilipa duka 6,000,000 na kuipokea mashine. Sasa ni mali ya benki. Ndipo mnakaa na kusaini mkataba wa mauzo: gharama 6,000,000, faida 900,000, bei 6,900,000, malipo miezi 12, kila mwezi 575,000. Siku hiyo bei imefungwa. Haipandi mwakani viwango vya soko vikipanda, wala haipandi wewe ukichelewa.

Angalia kwamba kuna karatasi mbili, ahadi na mkataba wa mauzo, na kati yake kuna muda. Karibu maswali yote yanayofuata yanahusu muda huo.

4. Sasa 900,000 hiyo ina tofauti gani na riba?

Hili swali lina umri mkubwa. Aya ya 275 ya Suratul Baqara inayokataza riba inawanukuu watu waliosema biashara na riba ni kitu kimoja, kisha inajibu kwamba Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na kuharamisha riba. Aliyeuliza hivi mbele ya meza yangu jana hakuuliza jambo geni.

Jibu langu liko kwenye ule muda kati ya karatasi mbili. Tuseme mashine imetoka dukani Jumatatu, iko kwenye lori, mauzo kwako yatasainiwa Jumatano, na Jumanne lori linapinduka. Hasara ni ya nani? Ya benki, kwa sababu mashine ilikuwa yake. Wewe hudaiwi senti. Kwenye mkopo wa kawaida pesa iliingia mkononi mwako Jumatatu, ukalipa duka, mashine ikaharibika, na deni linabaki palepale pamoja na riba yake. Faida ya benki katika murabaha inahalalishwa na kubeba hatari hiyo, hata kama ni ya siku mbili.

Ndiyo, ni hatari ndogo. Siwezi kumwambia mtu kwamba ni kubwa. Lakini ukiiondoa kabisa, kilichobaki ni mkopo uliovishwa kanzu, na hapo anayesema "ni riba tu" atakuwa amesema kweli.

5. Mbona faida yenu inakaribiana na riba ya benki ya jirani?

Kwa sababu tunauza mtaa mmoja. Benki inayofuata sharia inashindana na zile nyingine kwa wateja na kwa amana, na wengi hutumia kiwango cha riba cha soko kama kipimo cha kupangia faida. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayotunga viwango vya sharia na uhasibu kwa benki hizi, inaruhusu kipimo hicho kwa sharti kwamba bei ya mwisho ijulikane na ifungwe siku ya kusaini. Muuza maji anaweza kuangalia bei ya soda na maji yakabaki maji. Hata hivyo wanazuoni wengi hawaupendi utaratibu huu, na nami ningependa siku moja tuwe na kipimo chetu.

## Murabaha inapoharibika

6. Nitajuaje kama murabaha yangu ni ya kweli?

Chukua karatasi zako zote uzipange kwa tarehe. Huhitaji kuwa sheikh. Mpangilio ulio sawa ni huu: ankara ya makadirio, ahadi yako, malipo ya benki kwa duka, ushahidi kwamba benki au wakala wake amepokea mzigo, kisha mkataba wa mauzo kwako.

Dalili mbaya ya kwanza ni mkataba wa mauzo wenye tarehe iliyotangulia siku ya kupokea mzigo. Maana yake benki imekuuzia kitu ambacho haikuwa nacho, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Dalili ya pili ni karatasi zote kusainiwa siku moja, kwa kalamu moja, kwenye kikao kimoja, huku nafasi za tarehe zikiachwa wazi "tutajaza". Ya tatu ni pesa kuingizwa kwenye akaunti yako binafsi badala ya ya muuzaji.

Niliwahi kuletewa faili lenye risiti ya duka yenye jina la mteja, ya wiki tatu kabla ya ombi lake. Alikuwa ameshanunua friji za duka lake kwa pesa ya kukopa kwa shemeji, sasa alitaka benki "imfanyie murabaha" alipe deni la shemeji. Friji zilikuwa zinafanya kazi, zimejaa soda. Hakukuwa na kitu cha kununua. Alikasirika sana, na namwelewa, lakini hapo tungekuwa tunampa pesa na kuiita friji.

7. Benki imeniambia niende mwenyewe dukani nikanunue kwa niaba yake. Inafaa?

Huo ni uwakala, na kwa asili unafaa, ila ndiyo mlango ambao ubovu mwingi hupitia. Kiwango cha AAOIFI kinataka benki inunue yenyewe au kwa wakala mwingine, na mteja afanywe wakala pale tu pasipo na namna. Benki nyingi huona kila mahali "hapana namna".

Ukipewa uwakala, fahamu una kofia mbili na huwezi kuzivaa pamoja. Ukiwa dukani wewe ni mjumbe wa benki: unalipa kwa pesa yake, risiti inaandikwa jina lake, na mashine unayoipakia si yako bado. Ukitoa mzigo, unaijulisha benki kwamba umepokea. Benki inakuuzia, nawe unakubali. Ni baada ya kukubali ndipo unafunga mkanda na kuanza kusaga mahindi ya watu. Wakala hawezi kujiuzia mwenyewe. Mtu akiwasha mashine siku tatu kabla ya mauzo amekwisha kuitumia mali ya mwenzake, na kwa bidhaa kama mahindi au saruji ni mbaya zaidi: kinaweza kuwa kimeshatumika chote, na kilichotumika hakiuziki.

8. Nimetoa ahadi, nikabadili mawazo. Nitalipa?

Kama benki haijanunua, kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Kama imenunua, na ahadi yako iliandikwa kuwa inakufunga, unaweza kudaiwa hasara halisi. Kwa mfano wetu, benki ikilazimika kuiuza mashine kwa mtu mwingine kwa 5,600,000, hasara yake ni 400,000, na inaweza kuikata kwenye amana ya uaminifu, ile pesa uliyoweka mwanzoni kuonyesha nia yako. Ile 900,000 ya faida haiwezi kukudai, maana hakuna mauzo yaliyofanyika. Kilichozidi kwenye amana unarudishiwa.

9. Nikichelewa kulipa?

Deni halikui. 6,900,000 ni bei ya kitu kilichokwisha kuuzwa, na kuiongeza kwa sababu ya kuchelewa ni ile riba ya zama za ujahilia: lipa au zidisha. Kwa hiyo hata kupanga upya awamu kwa kuongeza bei hakufai. Kupanga upya kwa bei ileile kunafaa, na mwenye dhiki kweli anastahili kupewa muda.

Utakuta kwenye mkataba wako kifungu cha kutoa kiasi fulani cha sadaka kila ukichelewa. Kimewekwa kwa ajili ya mtu mwenye uwezo anayechezea deni kwa kujua halikui. Pesa hiyo lazima iende kwenye mambo ya kheri kwa usimamizi wa bodi ya sharia, isiingie kwenye mapato ya benki. Una haki ya kuuliza inaenda wapi. Uliza.

10. Nikimaliza mapema nitapunguziwa?

Benki inaweza kukusamehe sehemu ya bei, na nyingi husamehe. Isipokuwa punguzo halitakiwi kuwa sharti ndani ya mkataba, kwani bei ingekuwa na sura mbili. Kwa hiyo usidanganywe kwamba ni haki yako, na usisahau kuomba.

Kuna punguzo jingine ambalo ni haki yako hasa: duka likiipunguzia benki bei ya mashine ile, hata baada ya wewe kununua, gharama halisi imeshuka, na bei yako inashuka nayo.

## Kugawana faida

11. Mudharaba inatofautianaje na murabaha? Majina yananichanganya.

Yanachanganya wengi, hata kwenye fomu nimeona yamebadilishana. Murabaha ni mauzo, na ukishanunua unadaiwa bei ufaulu au usifaulu. Mudharaba ni ubia: mmoja anatoa mtaji wote, mwingine anatoa kazi na ujuzi wake, na hakuna deni. Vitabu vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, huiita kiradhi.

Tuseme umempa kijana shilingi 10,000,000 anunue mchele Kyela auze Dar es Salaam, mmepatana faida asilimia 60 kwako na 40 kwake. Akirudi na faida ya 2,000,000 baada ya gharama, unachukua 1,200,000 na yeye 800,000. Bei ya mchele ikianguka na mtaji ukabaki 8,500,000, hasara ya 1,500,000 ni yako peke yako. Yeye amepoteza miezi yake, usingizi wake kwenye lori na matumaini yake, naye hadaiwi.

12. Si bora nipatane naye anipe laki moja kila mwezi, faida iwepo isiwepo?

Mkifanya hivyo mudharaba imekufa, umemkopesha kwa riba. Faida hugawanywa kwa sehemu ya kitakachopatikana: nusu, theluthi, asilimia 60. Haiwezi kuwa kiasi maalumu, wala asilimia ya mtaji ulioutoa. "Asilimia 12 ya milioni kumi yangu kila mwaka" inasikika kama mgawanyo kumbe ni kiasi maalumu kilichovaa nguo nyingine.

Sababu yake inaonekana katika kisa cha wana wawili wa Sayyidna Umar, Abdallah na Ubaidullah. Wakirudi kutoka Iraki walipitia Basra, na liwali wake Abu Musa al-Ashari akawapa mali ya Hazina waifikishe Madina, akawaruhusu wanunulie bidhaa za Iraki, waziuze Madina na wabaki na faida. Walipofika, Umar akauliza kama kila askari alipewa nafasi hiyo. Hakupewa. Akataka mtaji na faida yote. Ubaidullah akamjibu kwamba mali ile ingepotea wangeilipa wao. Mtu mmoja aliyekuwepo akashauri ifanywe kiradhi, na Umar akachukua mtaji na nusu ya faida, wao wakabaki na nusu. Ona hoja ya Ubaidullah ilipoegemea: tulibeba hatari, kwa hiyo tuna haki ya faida. Ni hoja ileile ya lori katika swali la 4.

13. Na kama kijana amekula mtaji akasema ni hasara?

Mwenye kazi hadhamini mtaji ila akizembea, akifanya hiana, au akivunja masharti. Ulimwambia mchele, akanunua simu: hasara ni yake. Ulimwambia asikopeshe wateja, akakopesha: ni yake. Kwa hiyo andika masharti kabla hajaondoka, yawe machache na yanayopimika, na umtake aweke daftari la manunuzi na mauzo kila siku.

Huu ndio ugonjwa unaofanya benki ziikwepe mudharaba kwa wafanyabiashara wadogo. Kwenye murabaha benki haihitaji kujua umeuza debe ngapi. Kwenye mudharaba lazima iamini hesabu zako, na hesabu za biashara nyingi ziko kichwani mwa mwenyewe. Wanazuoni wengi wa fani hii wanaona ubia ndio roho yake, ilhali vitabu vya benki vimejaa mauzo. Sidhani ni unafiki wa benki tu. Daftari nalo lina sehemu yake.

14. Musharaka je?

Hapo kila mmoja ameweka mtaji. Wewe 6,000,000, mwenzako 4,000,000. Hasara haina mjadala: ikiwa 1,000,000, unabeba 600,000 na yeye 400,000, kwa uwiano wa mitaji, wala hamwezi kupatana vingine. Kuhusu faida, madhehebu yametofautiana. Kwa Mashafi na Wamaliki nayo hufuata mtaji. Kwa Mahanafi na Mahanbali mnaweza kupatana nusu kwa nusu, tuseme kwa sababu mwenye 4,000,000 ndiye anayefungua duka alfajiri. Benki nyingi zimechukua rai hii ya pili.

Kwa nyumba hutumika musharaka unaopungua: benki na mteja wananunua nyumba pamoja, mteja anaikodi sehemu ya benki na kuinunua kidogo kidogo, na kodi inashuka kadiri sehemu yake inavyokua.

15. Akaunti yangu ya akiba inalipwa "faida". Hiyo ni nini?

Mara nyingi ni mudharaba, safari hii wewe ukiwa mwenye mtaji na benki ikiwa mfanyakazi. Ndiyo maana benki haitakiwi kukuahidi kiasi. Inakuahidi mgao, na kiasi kinajulikana kipindi kikiisha. Kiwango kilichobandikwa ukutani ni kile kilichopatikana nyuma, au matarajio. Hasara nayo kimsingi ni ya mwenye mtaji, kama swali la 11. Usiyetaka hatari hiyo, fungua akaunti ya hundi au ya amana isiyo na faida.

## Pembeni kabisa

16. Mimi si Mwislamu. Naruhusiwa?

Naam. Masharti yako kwenye kinachonunuliwa, hayapo kwenye dini ya mteja. Hatutakununulia friji za baa.

17. Nahitaji pesa taslimu, ada ya shule. Hakuna njia?

Utasikia tawaruku: benki inakuuzia bidhaa, mara nyingi madini, kwa awamu, nawe unaiuza kwa mtu wa tatu kwa taslimu. Mtu akifanya mwenyewe sokoni, wanazuoni wengi wameruhusu. Benki inapopanga mizunguko yote, mteja asione hata kipande cha madini, Akademia ya Fikihi ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu iliikataa mwaka 2009. Baadhi ya benki zinaendelea nayo kwa fatwa za bodi zao. Kwa ada, uliza kwanza kama benki inaweza kununua huduma ya masomo kutoka shuleni na kukuuzia wewe. Hapo angalau kuna kitu kinachouzwa.

18. Muuzaji wa mashine ninayoitaka ni mimi mwenyewe, kwa jina la kampuni yangu. Benki inunue kwangu iniuzie?

Hapana. Hiyo ni biashara iitwayo "ina": mali inatoka kwako na kurudi kwako, katikati zimepita pesa taslimu leo na deni kubwa zaidi kesho. Kampuni ya mke au mtoto inataka uchunguzi wa kina, kama kweli ni mali yao na si jina lililoazimwa.

19. Mashine imekufa wiki mbili baada ya kuinunua kwa benki. Naacha kulipa?

Usiache kabla ya kujua ubovu ulianza lini. Kasoro iliyoanzia mikononi mwako ni yako. Iliyokuwemo kabla ya mauzo ni ya muuzaji, na muuzaji wako ni benki, siyo duka. Ila mikataba mingi ina kifungu kinachosema benki haiwajibiki kwa kasoro zilizojificha, na kifungu hicho kinakubalika. Hapo benki inatakiwa kukukabidhi haki yake ya kulidai duka, pamoja na dhamana ya kiwandani. Soma mkataba, tafuta kifungu hicho, kisha nenda dukani na nakala ya risiti ya benki. Wakikwambia "hatukukuuzia wewe," wanasema kweli, na ndiyo sababu unahitaji ile barua ya kukabidhiwa haki, yenye muhuri wa benki.